Fisi, kisima na "chubwi": tanakali za bibi kwenye kamusi na kwenye tafsiri

"Shikamoo mwalimu. Nimemrekodi bibi yangu, mwenyeji wa Kisarawe anayekaa nasi Mbagala, akisimulia hadithi ya fisi kisimani. Nimeiandika na kuitafsiri kwa Kiingereza. Mhariri kafuta 'jii', 'chubwi' na nyingine zote, anasema ni makelele ya kitoto. Kamusi inaniambia 'kielezi', basi, na 'bwili' siioni kokote. Niziache, nizitafsiri au nizifute? Na nitajuaje ipi ni ya Kiswahili na ipi bibi kaitunga mwenyewe? Kipande chenyewe ni hiki:

Kisima kimya jii. Maji meusi ti, na katikati mwezi, mweupe pe. Fisi akauona, akadhani mafuta. Akaja chopi, chopi, chopi. Akainama. Akainama. Fyuu, chubwi! Jii. Kidogo, bwili. Bwili, bwili. Jii."

Marahaba, mwanangu. Usizifute. Wala usiziache zote kama zilivyo, maana baadhi zikivuka kwenda Kiingereza zikiwa vilevile zitamdanganya msomaji. Inabidi kila moja uiulize inafanya kazi gani pale ilipo, ndipo uamue, na kipande ulichonitumia ni kizuri mno kwa kazi hiyo.

Tuanze na alichokifanya mhariri wako. Hebu soma kipande bila hizo tanakali: "Kisima kimya. Maji meusi, na katikati mwezi, mweupe. Fisi akauona, akadhani mafuta. Akaja. Akainama. Akainama. Kidogo." Fisi yuko wapi? Bado kainama pale pale ukingoni. Bibi hakusema akateleza. Hakusema akatumbukia, hakusema akazama, hakusema akafa. Mambo yote manne yamebebwa na fyuu, chubwi, bwili na jii, wala hakuna kitenzi kilichoyarudia. Mhariri alidhani anaondoa urembo, kumbe ameondoa tukio lenyewe. Nina hakika baada ya kufuta alilazimika kuongeza sentensi yake ya kueleza kwamba fisi alianguka kisimani, na sentensi hiyo ndiyo itakuwa dhaifu kuliko zote kwenye ukurasa.

Hapo ndipo pa kuanzia unapopima tanakali yoyote katika hadithi. Wakati mwingine inakuja baada ya kitenzi na kukikoleza: maji yalimwagika mwaa, akalala fofofo, akajifunika gubigubi. Ukiiondoa, tukio linabaki, ila limefifia. Wakati mwingine inakaa mahali pa kitenzi, na ukiiondoa hakuna kilichotokea. Bibi yako amezitumia namna zote mbili ndani ya mistari michache. Ameanza taratibu, "kimya jii", "meusi ti", "mweupe pe", kila tanakali imeegemea neno lake. Hadithi ilipopamba moto akaacha vitenzi kabisa. Ndivyo wasimulizi hodari wanavyofanya, na si kwa bahati: kitenzi kinahitaji nafsi na wakati, a-ka-tumbukia, na vyote hivyo vinachukua muda. Chubwi haina nafsi wala wakati. Haisimulii kwamba jambo lilitokea, inalifanya litokee mbele ya msikilizaji.

Sasa hilo la "makelele". Shuleni tumezoea kuziita tanakali sauti, na jina hilo lenyewe limetupotosha kidogo. Katika tanakali saba za bibi yako, zinazoiga sauti hasa ni chubwi na bwili, na fyuu kwa mbali. Chopi haina mlio wowote. Ni mwendo, namna mwili unavyokwenda upande upande kwa mguu usiokanyaga sawasawa, na fisi, ambaye mgongo wake umeshuka nyuma, anastahili neno hilo kuliko mnyama mwingine yeyote wa hadithi zetu. Ti na pe ni za macho: weusi usio na doa la mwanga, weupe usio na doa la uchafu. Na jii ni ya ajabu kuliko zote, kwa sababu inatoa sauti ili kuonyesha kwamba hakuna sauti.

Wanaisimu wanaziita zote ideofoni. Jina hilo lilienezwa na Clement Doke katika kitabu chake cha istilahi za lugha za Kibantu cha mwaka 1935, na hoja yake ilikuwa kwamba katika lugha hizi maneno haya ni aina ya pekee, si tawi la vielezi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, Mark Dingemanse, mtafiti Mholanzi, alipanga lugha za dunia kwa kuangalia ideofoni zake zinafika wapi. Ngazi ya kwanza ni sauti, ya pili mwendo, kisha mwonekano, kisha hisia nyingine za mwili, na mwisho mambo ya ndani ya mtu. Lugha yenye ideofoni za ngazi ya juu huwa nazo za ngazi za chini pia. Kiingereza kimesimama zaidi kwenye ngazi ya kwanza, sauti za wanyama na vishindo, na mahali pake pakubwa ni vitabu vya watoto wadogo na vya katuni. Kwa hiyo mhariri wako hana nia mbaya. Anasoma jii na pe kwa sikio la lugha ambayo maneno ya namna hii ni ya watoto. Kwetu mzee anayeeleza msiba kwa wazee wenzake anaweza kusema nyumba ilikuwa kimya jii, na hakuna atakayeona ameleta utoto.

Kuhusu kamusi, isome ukijua inachoweza na isichoweza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, zote zimejengwa juu ya aina za maneno tulizozoea: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kadhalika. Neno lisilopokea viambishi na linalokaa baada ya kitenzi huishia kwenye kielezi. Si kosa la kukurupuka, kwani mtunga kamusi lazima aweke kila neno mahali. Lakini lebo hiyo inamfanya mfasiri aamini kwamba jii inaweza kubadilishwa na "sana" au "kabisa", na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Jaribu mwenyewe. "Maji meusi sana" inapita. Sasa weka "sana" mahali pa jii ya pili: "Fyuu, chubwi! Sana." Haisimami. Kielezi cha kawaida hakiwezi kuwa sentensi nzima, tanakali inaweza. Jaribu pia kukanusha. "Hakulala sana" ni Kiswahili safi. "Hakulala fofofo" utaisikia pale tu mtu anapombishia mwenzake aliyetangulia kulitamka neno hilo. Kwa kawaida tanakali haipendi kukanushwa, wala haipendi kuulizwa, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha, na jambo ambalo halikutokea huwezi kulionyesha. Ukipata neno usilolijua katika rekodi, majaribio haya mawili, kusimama peke yake na kukataa kukanushwa, yatakuambia upesi kama ni tanakali au ni kielezi tu.

Kuna mtego mwingine kwenye kamusi. Ukitafuta chubwi unaweza kukutana na chubwi ya wavuvi, ile kitu kizito kinachofungwa kwenye mshipi ili uzame. Hiyo ni nomino. Mfasiri mwenye haraka anaweza kuichukua hiyo, na fisi akapata risasi ya kuvulia samaki. Kingine ni kwamba tanakali nyingi hazina kidahizo chake, yaani hazikuorodheshwa kama neno linalojitegemea. Zimejificha ndani ya mfano wa neno ambalo ni mwenzake. Usipoona pomoni, fungua "jaa". Usipoona pe, fungua "eupe". Usipoona ndi, fungua "funga". Na kumbuka kwamba neno lenyewe linaweza kuwa limeandikwa kwa irabu moja, ji, wakati wewe unatafuta jii.

Jambo la mwenzake ndilo kubwa kuliko yote, nalo litatufikisha kwenye swali lako la nini ni cha Kiswahili na nini ni cha bibi. Tanakali zilizokomaa katika lugha zina wenzake maalumu na haziendi ovyo. Pe ni ya weupe. Huwezi kusema "nyekundu pe", mtu yeyote pale Kariakoo atakurekebisha kabla hujamaliza. Gubigubi ni ya kujifunika. Fofofo ni ya usingizi na kifo. Nyingine zimeganda hata katika umbo: fofofo huwezi kuifupisha ikawa "fo", gubigubi huwezi kuikata ikawa "gubi". Hapo kurudia silabi hakuhesabu chochote, ni sehemu ya neno. Ila ti inaweza kuwa tititi, ndi ikawa ndindindi, na kadiri inavyorudiwa ndivyo weusi unavyozidi au kamba inavyokaza. Na kuna za kundi la tatu ambazo kurudia kwake ni kuhesabu kweli: chopi, chopi, chopi ni hatua tatu. Bibi akisema tatu, andika tatu. Mwandishi anayeweka mbili ili mstari ukae vizuri amemtoa fisi hatua moja.

Kwa hiyo, kujua kama bwili ni ya Kiswahili au ya bibi, usianze na kamusi, anza na bibi. Ila usimwulize "bwili maana yake nini?" Swali hilo humfanya mzee atafute neno la kumridhisha mjukuu msomi, na atakujibu "ni maji tu". Muulize kwa kulinganisha. "Bibi, chubwi na bwili zina tofauti gani?" "Angetumbukia panya badala ya fisi ungesemaje?" "Na jiwe?" "Maji yakichemka jikoni, ni bwili?" Rekodi majibu, na tazama mikono yake, kwa sababu mara nyingi jibu liko kwenye vidole kabla halijafika mdomoni. Ukipata seti nzima, kitu chepesi, kitu kizito, kinachoingia, kinachotoka, utakuwa umeelewa neno moja vizuri kuliko maelezo yoyote.

Kisha nenda kwa watu wengine, mmoja mmoja, wasisikilizane. Wape sentensi ikatike: "Fisi akazama, baadaye mapovu yakatoka..." uwaachie wamalizie. Anza na sentensi za kuwazoesha, "Amejifunika...", "Ukumbi umejaa...", na utaona karibu kila mtu anakupa gubigubi na pomoni bila kufikiri. Hiyo ndiyo dalili ya tanakali iliyokubalika. Ukifika kwenye mapovu, kila mtu akitoa yake, basi bwili si neno la wote. Halafu geuza: "Nikisema bwili, bwili, unaona nini?" Wakikuambia mapovu, au maji yanayochemka polepole, au samaki anayechungulia juu, basi neno limetungwa kwa ufundi, kwa maana sauti yake inafikisha picha bila msaada.

Hapa Dar es Salaam chagua watu kwa uangalifu. Jijini tumetoka kila mkoa, na mtu wa Bukoba au Shinyanga akiishi Mbagala miaka ishirini bado tanakali zake nyingi zinabaki za nyumbani, kwa sababu ni maneno tunayojifunza mapajani, mapema kabisa. Asipoijua bwili hajathibitisha kitu. Bibi ni wa Kisarawe, tafuta wazee wa Kisarawe wanaozungumza Kizaramo. Wakilijua neno, basi huenda ni la Kizaramo lililoingia katika Kiswahili chake. Wasipolijua, kuna uwezekano mkubwa amelitunga. Na kulitunga si dosari. Tanakali ndilo eneo la lugha ambalo msimulizi anaruhusiwa kutunga mbele ya watu, mradi sauti ielekee kitu.

Mimi nimesoma kipande mara nyingi sasa, nami naamini amelitunga, na naona alivyolitunga. Sikiliza mwisho wa chubwi na mwanzo wa bwili. Ile bwi inayofunga maji juu ya fisi ndiyo ile ile inayorudi na mapovu. Chubwi inaingia, bwili inatoka. Kamusi haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu kamusi inaangalia neno moja moja, na ufundi huu umo katikati ya maneno mawili. Ndiyo maana hata kama bwili haimo katika kamusi yoyote, ukiigusa lazima uiguse pamoja na chubwi. Ziache zote mbili au zibadilishe zote mbili.

Sasa tuingie kwenye tafsiri yenyewe. Kiingereza hupenda kuuweka mlio ndani ya kitenzi. Kina vitenzi vingi vinavyobeba kwa pamoja tendo na sauti yake, kuanguka majini kwa kishindo, kufungwa kwa mlango kwa nguvu, kutembea kwa kuburuza miguu. Sisi tunavitenga: kitenzi kinakuja kwanza, mlio unafuata ukiwa umesimama wenyewe. Kwa hiyo pale ambapo tanakali inakoleza kitenzi, mara nyingi unaweza kuvikunja viwili kuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza na usipoteze kikubwa. Akaja chopi ni mfano. Kiingereza kina kitenzi chake cha kuchechemea. Lakini kitenzi kimoja kitazimeza hatua zile tatu, kwa hiyo baada yake tafuta mapigo matatu mafupi, au kirudie kitenzi chenyewe mara tatu. Ningechagua kukirudia.

Ti na pe ni ngumu zaidi kuliko zinavyoonekana. Njia ya uvivu ni kuweka neno la kuzidisha, lile lile kwa zote mbili, na matokeo yake weusi na weupe vinakuwa na uzito mmoja na rangi zinafifia. Njia ya pili, ambayo wafasiri wengi huikimbilia, ni misemo ya Kiingereza iliyozoeleka: nyeusi kama makaa, nyeupe kama theluji. Makaa hayana neno, lakini usimwangushie bibi theluji Kisarawe. Njia ya tatu ni kutoa mfano ndani ya hadithi yenyewe, mwezi mweupe kama mafuta, kwa kuwa fisi anadhani ni mafuta. Ni wazo zuri na limenivutia, ila linafichua mapema. Bibi anataka tuuone mwezi kwanza kwa macho yetu, kisha ndipo tuone kosa la fisi. Mimi ningeirudia sifa yenyewe, maji meusi, meusi, mwezi mweupe, mweupe, na kuachia hapo. Utapoteza makali ya ile silabi moja inayokata. Hilo ni hasara ya kweli, na sijaona njia ya kuikwepa katika Kiingereza.

Jii usiiache kama ilivyo. Msomaji wa Kiingereza akiikuta jii imesimama peke yake ataisoma kama mlio, labda mlango unalia, labda mdudu, yaani kinyume kabisa na ilivyo. Hapa lazima utafsiri. Na kwa kuwa imetokea mara tatu, neno utakalochagua lazima likidhi masharti mawili: liweze kuegemea neno jingine pale mwanzo, "kisima kimya jii", na liweze kusimama peke yake kama sentensi pale kati na mwisho. Nomino fupi ya ukimya inatosha. Usilipambe. Na usibadilishe mara ya pili ukaweka kisawe kwa kuogopa kurudia, kwa sababu hadithi nzima imesimama juu ya jii tatu. Ya kwanza ni ukimya wa usiku, hauna ubaya. Ya pili ni ukimya unaotia shaka, amezama au atatoka? Ya tatu ni kifo. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni tunachokijua. Ukiweka maneno matatu tofauti umemfanyia msomaji kazi ambayo bibi alimwachia aifanye mwenyewe.

Chubwi ningeiacha hivyo hivyo. Kiingereza kina maneno yake ya maji, moja dogo linalofaa kokoto, na jingine kubwa linalorusha maji pande zote. Dogo halimtoshi fisi. Kubwa linatawanya maji, wakati katika hadithi hii maji yanameza na kunyamaza. Chubwi inatamkika kwa ulimi wowote, na inaeleweka ikiwa maji yako karibu nayo. Hapo tu ndipo ningekuruhusu kuongeza kitu: kwenye "akainama" ya pili, weka "juu ya maji". Bibi hakulihitaji kwa sababu aliinama kwa mwili wake mbele yenu. Ukurasa hauna mwili, kwa hiyo unastahili kulipwa maneno hayo mawili matatu. Bwili itafuata yenyewe, kwa sababu aliyesikia chubwi na ukimya ataelewa kinachopanda juu ni nini. Fyuu ndiyo pekee ambayo ningekubali ikunjwe. Kitenzi kifupi cha kuteleza kinatosha, mradi kisizidi silabi moja au mbili, kisije kikaichelewesha chubwi.

Utaona mkondo wa maamuzi haya. Tanakali iliyo karibu na sauti inaweza kuvuka ikiwa nzima, kwa sababu sikio la mgeni nalo ni sikio. Kadiri inavyokwenda mbali na sauti, kwenye mwendo, rangi, na hatimaye ukimya, ndivyo inavyohitaji kutafsiriwa, kwa sababu hapo haifanyi kazi kwa kuiga bali kwa mazoea ya wenye lugha. Mhariri anayefuta zote na mfasiri anayeacha zote wamefanya kosa moja: hawakuzitenganisha.

Ufutaji una mahali pake, nisikufiche. Wakati mwingine msimulizi hurudia tanakali kwa sababu watoto walicheka na anawapa tena, au kwa sababu alikuwa anatafuta kumbukumbu. Ukisikiliza rekodi utajua, kwani sauti inashuka badala ya kupanda na mwendo unalegea. Hizo unaweza kuzipunguza katika tafsiri ya kusomwa kitabuni. Katika maandishi ya Kiswahili ya kuhifadhi, usipunguze hata moja.

Na katika hayo maandishi ya Kiswahili, zingatia tahajia. Kwa tanakali inayojulikana tumia umbo la kamusi, na urefu wa irabu uonyeshe tu pale bibi alipouvuta kweli. Ukiandika puuuuu kila mahali, hutakuwa na cha kuandika siku atakapoivuta hasa. Alama ya mshangao iweke pale sauti yake ilipopanda. Naona umeiweka kwenye chubwi peke yake, na nakuunga mkono. Mkato na nukta ndivyo vitakavyobeba vituo vyake, kwa hiyo sikiliza upya uone kama kati ya "chubwi" na "jii" kulikuwa na kituo kirefu. Kama kilikuwapo, anza aya mpya. Na usizilaze herufi za tanakali ili kuzitofautisha, kwa kuwa hilo humwambia msomaji kwamba hili si neno kama mengine.

Kama unataka bwili ihifadhiwe kwa ajili ya watunga kamusi, usiwaachie "sauti ya maji". Waandikie hivi: bwili, tanakali; mapovu makubwa machache yanayopanda taratibu kutoka kwenye kina na kupasuka juu ya maji, moja kisha mawili; husimama peke yake bila kitenzi; hurudiwa kwa idadi ya mapovu; imesikika kwa msimulizi mmoja, mwanamke mzee wa Kisarawe, katika hadithi ya fisi; linganisha na chubwi. Mstari wa "msimulizi mmoja" usiuache hata kidogo. Mtunga kamusi hawezi kuingiza neno la mtu mmoja kama neno la Kiswahili sanifu, lakini akilikuta kesho kwa msimulizi wa Bagamoyo, maelezo yako ndiyo yatakayomwezesha kuunganisha.

Kwa mhariri wako, usimtumie hoja zangu kwanza. Mtumie rekodi ya kipande hiki, aisikilize huku ana tafsiri yako mkononi, kisha mwulize fisi aliingia majini kwenye neno lipi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukusaidia kwa maandishi, nalo ni kama bwili ina asili ya Kizaramo. Hilo linataka masikio ya watu wanaoijua lugha hiyo. Nenda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ueleze kwamba una rekodi ya fasihi simulizi na unataka ushauri wa mtu wa kamusi na mtu anayefahamu lugha za Pwani. Kama tafsiri itachapishwa na unahitaji ithibitishwe rasmi, hiyo peleka BAKITA. Kote huko nenda na sauti yenyewe, si maandishi peke yake, na ukate kipande ili kianze sentensi chache kabla ya tanakali na kiishe sentensi chache baada yake. Kabla ya yote hayo, mwombe bibi ruhusa ya kuwapelekea watu wengine sauti yake, na mwulize kama angependa jina lake liandikwe kwenye hadithi.